Ada ya Nusu Milioni ya Dola kwa Malipo ya Dola Elfu Mbili

Tarehe 10 Septemba 2023 kulitokea malipo kwenye mtandao wa Bitcoin yaliyowafanya waliokuwa wakiutazama wadhani macho yanawadanganya. Kiasi kilichotumwa kilikuwa bitcoin 0.074, karibu dola 2,000 kwa bei ya siku ile. Ada iliyokatwa ili kiasi hicho kifike ilikuwa bitcoin 19.82, yaani dola 510,000 hivi. Majuma yale, mtu wa kawaida alikuwa akilipa kama dola mbili tu kwa muamala wa namna hiyo.

Siku chache baadaye mwenye fedha alijulikana. Ilikuwa Paxos, kampuni ya Marekani inayoendesha huduma za sarafu za kidijitali. Ilieleza kwamba kosa lilikuwa la programu yake katika muamala mmoja, na kwamba fedha za wateja hazikuguswa. Na kabla ya juma kupita, bitcoin zote 19.82 zilikuwa zimerudi kwake.

Zilirudije, ilhali kila anayeingia kwenye sarafu hizi huambiwa tangu siku ya kwanza kwamba kilichotumwa kimetumwa? Jibu linamhusu hata mwenye akiba ndogo kwenye simu yake, kwa sababu kosa lenyewe ni rahisi kulifanya, na saa chache baada yake ndizo zinazoamua mengi.

Ada isiyoandikwa popote

Tuanze na jambo ambalo watumiaji wengi wa Bitcoin hawalijui, kwa kuwa pochi zao huwafichia. Ndani ya muamala wa Bitcoin hamna mahali panapoandikwa ada. Kuna orodha mbili tu: fedha zinazoingia kwenye muamala, na fedha zinazotoka kwenda kwenye anwani mbalimbali. Kinachobaki kati ya hizo mbili, kiwe kidogo au kikubwa, ndicho ada:

```
ada = jumla ya zinazoingia - jumla ya zinazotoka
```

Ni kama kumpa muuza duka noti ya elfu kumi kwa bidhaa ya mia tano, kisha ukaondoka bila kudai chenji. Tofauti ni kwamba kwenye Bitcoin anayepaswa kukurudishia chenji ni wewe mwenyewe, na unapaswa kuiandika kwenye agizo kabla ya kulituma.

Chukua mfano. Mtu ana bitcoin 0.50 alizopokea kwa mkupuo mmoja, na anataka kumlipa mwenzake 0.02. Fungu alilopokea haliwezi kumegwa likabaki pale lilipo. Ni lazima liingie lote kwenye muamala. Kwa hiyo muamala sahihi utakuwa na matokeo mawili: 0.02 kwa mwenzake, na 0.4799 kurudi kwenye anwani yake mwenyewe kama chenji. Inabaki 0.0001, nayo ndiyo ada. Sasa tuseme anaandaa muamala kwa mkono, au kwa programu aliyoiunda mwenyewe, akasahau ule mstari wa pili. Muamala ni halali kabisa. Hesabu inakubali, saini inakubali, na 0.48 yote inakuwa ada.

Pochi za kawaida hufanya hesabu ya chenji zenyewe, ndiyo maana ajali kubwa hutokea zaidi kwa makampuni na kwa watu wanaojiandikia programu. Lakini hata kwenye pochi nzuri kuna sehemu ya kuchagua ada kwa mkono, na hapo watu huweka kiasi cha kutuma mahali pa ada, au huandika jumla ya ada mahali palipotaka kiwango kwa kila baiti. Programu nyingi zina kizuizi: ile ya msingi ya Bitcoin, kwa mfano, hukataa kutengeneza muamala wenye ada inayozidi bitcoin 0.10 isipokuwa mtumiaji abadilishe mpangilio huo kwa makusudi. Ila kizuizi kiko kwenye programu ya mtumaji peke yake. Mtandao hauna sheria inayosema ada hii ni kubwa mno, nao hauna namna ya kujua kama umekosea au umeamua.

Ethereum ina hesabu ya namna nyingine. Huko ada huandikwa waziwazi: kiasi cha kazi kuzidishwa kwa bei unayokubali kulipa kwa kila kipande cha kazi. Kosa hutokea kwenye ile bei. Tarehe 27 Septemba 2021 jukwaa la biashara la DeversiFi lilihamisha dola za kidijitali zenye thamani ya 100,000, likalipa ada ya etha 7,676, zaidi ya dola milioni 23. Wataalamu wake walipochunguza waliona kwamba programu ilikuwa imepitisha namba yenye desimali mahali ambapo hatua iliyofuata ilitarajia namba kamili, na katika kubadilishwa kwenda kwenye maandishi ya kompyuta namba hiyo ikageuka kuwa kubwa ajabu. Kwenye pochi ya mtu mwenye akiba ndogo, kosa hilohilo lingekwama palepale, kwa kuwa salio lisingetosha kulipa ada ya namna ile. Safari hii salio lilitosha.

Kwa nini huwezi kuufuta

Mtu akigundua kosa sekunde kumi baada ya kubonyeza, jambo la kwanza linalomjia ni kufuta. Aliyezoea M-Pesa nchini Kenya anajua akituma kwa namba isiyo yake anaweza kupeleka ule ujumbe wa uthibitisho kwenye 456, na kampuni ikaangalia kama inaweza kuzuia fedha. Inawezekana kwa sababu kampuni ndiyo inayoshika daftari. Bitcoin haina mshika daftari mmoja wa kumpelekea ombi.

Inayo, hata hivyo, njia ya kubadilisha muamala ambao bado unasubiri kwenye foleni. Unatengeneza mwingine unaotumia fedha zilezile, nao unachukua nafasi ya ule wa kwanza. Watu wengi hudhani njia hii itawaokoa, na hapa ndipo wanapopoteza dakika zao. Sharti la ubadilishaji huo ni kwamba muamala mpya ulipe ada kubwa kuliko ule wa zamani. Kanuni ilitungwa kwa ajili ya watu waliolipa kidogo mno wanaotaka kuharakisha. Inakuruhusu kupanda tu, kushuka hairuhusu. Aliyelipa bitcoin 19 kwa makosa angelazimika kulipa zaidi ya 19 ili abadilishe. Tena muamala wenye ada kubwa ndio wa kwanza kuchaguliwa na wachimbaji, hivyo kwa kawaida huingia kwenye bloku inayofuata, na bloku mpya hupatikana kwa wastani wa kila dakika kumi.

Kwa hiyo dakika za mwanzo usizimalizie kwenye kitufe cha kubadilisha. Zitumie kutafuta ni nani atakayeipata ada hiyo.

Naye hupatikana. Ada haipotei hewani. Kila bloku ina muamala wake wa kwanza ambao mchimbaji hujilipa nao: zawadi ya bloku pamoja na ada zote zilizokuwemo. Karibu bloku zote za siku hizi huchimbwa na makundi makubwa ya wachimbaji, na makundi hayo huweka jina lao ndani ya muamala huo wa kwanza. Tovuti yoyote ya kutazama miamala ya Bitcoin itakuonyesha namba ya bloku na jina la kundi lililoichimba. Muamala wa Paxos uliingia kwenye bloku namba 807,057, na kundi lilikuwa F2Pool. Zawadi ya bloku wakati huo ilikuwa bitcoin 6.25, kwa hiyo ada ile moja ilizidi zawadi nzima zaidi ya mara tatu. Isingeweza kupita bila kuonekana.

Kuna kanuni nyingine ambayo haikuwekwa kwa ajili ya waliokosea, lakini inawasaidia sana. Fedha ambazo mchimbaji amejilipa kwenye bloku haziwezi kutumika mpaka bloku nyingine 100 zichimbwe juu yake. Hiyo ni kama saa kumi na saba. Katika muda huo ada yako imekaa kwenye anwani inayoonekana na kila mtu, na hata aliyeipata hawezi kuigusa. Ombi lililofika kabla ya muda huo kwisha hulikuta fungu lenyewe bado halijaguswa.

Anayeamua ni nani

F2Pool ilipoliona fungu lile, mwanzilishi mwenza wake, Chun Wang, alitangaza hadharani kwamba atalishikilia kwa siku tatu, na asipojitokeza mwenyewe litagawiwa wachimbaji wa kundi. Paxos ikajitokeza. Halafu kukawa na jambo ambalo nadhani lina funzo kubwa kuliko kurudi kwenyewe: Wang aliandika kwamba anajuta kukubali kurudisha, akawapigia kura wafuasi wake mtandaoni wamshauri cha kufanya. Mwishowe alirudisha zote. Lakini kwa siku hizo, nusu milioni ya dola ilitegemea hiari ya mtu mmoja aliyekuwa akisitasita mbele ya watu.

Kusitasita kwake kuna sababu ambayo mwombaji anapaswa kuielewa. Kundi la wachimbaji si mtu mmoja mwenye mashine. Ni maelfu ya wamiliki wa mashine waliojiunga ili wagawane mapato, na katika makundi mengi ada za bloku ni sehemu ya haki yao. Kiongozi anayerudisha ada kwa aliyekosea anarudisha kitu ambacho wanachama wake wanaweza kudai ni chao. Ndiyo maana majibu hutofautiana. Mimi naona kurudisha ndiko haki, maana hakuna mchimbaji aliyefanya kazi ya ziada kuistahili nusu milioni ile. Bloku hubeba muamala wa ada ndogo kwa gharama ileile. Lakini sijawahi kuona kanuni ya mtandao inayomlazimisha, na mwombaji akiandika barua ya kudai badala ya kuomba anajifungia mlango mwenyewe.

Juni 2020 tuliona jibu la namna nyingine. Mtu, au kampuni, ilituma miamala miwili ya Ethereum kutoka anwani moja, kila mmoja ukiwa na ada ya etha 10,668, zaidi ya dola milioni mbili na nusu. Mmoja ulibeba etha 0.55 tu, mwingine 350. Kundi la Ethermine, lililoupata ule wa pili, lilisubiri siku nne. Likapokea maombi ya watu kadhaa waliosema wao ndio watumaji, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutoa saini halali ya anwani iliyotuma. Likaamua kugawa ada hiyo kwa wachimbaji wake, likatangaza pia kwamba siku za mbele halitaingilia tena malipo ya ada kubwa. DeversiFi nayo, mwaka uliofuata, ilikuwa na bahati nyingine: mchimbaji alirudisha etha 7,626, akabakiza 50 kwa ukubali wa mwenye mali. Hizo 50 peke yake zilikuwa zaidi ya dola laki moja, na kwa maoni yangu zilikuwa shukrani ya haki.

Kwenye Ethereum kuna kipande kisichorudi hata aliyetengeneza bloku akitaka. Tangu Agosti 2021 sehemu ya msingi ya kila ada huchomwa, yaani huondolewa kabisa kwenye mzunguko, na sehemu ya juu tu ndiyo humfikia aliyetengeneza bloku. Nafuu ni kwamba sehemu ya msingi hupangwa na mtandao wenyewe, kwa hiyo ada inapozidi kwa makosa, ziada karibu yote huangukia kwenye ile inayofika mkononi mwa mtu.

Turudi kwenye saini, maana ndiyo roho ya ombi. Kundi halikujui. Barua pepe, kitambulisho, picha ya skrini, vyote vinaweza kutengenezwa na yeyote aliyeuona muamala mtandaoni, na ada kubwa huvuta matapeli saa ileile. Ushahidi unaokubalika ni kuandika ujumbe ambao kundi limekupa na kuutia saini kwa ufunguo wa siri wa anwani iliyotuma. Pochi nyingi za kompyuta zina sehemu ya kutia saini ujumbe; kwenye programu ya msingi ya Bitcoin, kwa anwani za zamani zinazoanza na 1, amri ni hii:

```
bitcoin-cli signmessage "anwani" "ujumbe"
```

Saini inayotoka huthibitisha kuwa unaushika ufunguo, bila ufunguo wenyewe kuonekana. Ndiyo maana fedha zilizotumwa kutoka kwenye akaunti ya soko la kubadilishia sarafu huombwa na soko lenyewe. Ufunguo wanao wao, wewe huna. Kazi yako hapo ni kuwafahamisha upesi na kuwasukuma.

Lakini saini nayo ina mpaka wake, na mpaka huo ulionekana vizuri tarehe 23 Novemba 2023. Muamala uliochukua bitcoin 139.42 ulimfikishia mpokeaji 55.77 tu. Zilizobaki, 83.65, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni tatu, zilikuwa ada, nazo ziliangukia kwa kundi la Antpool kwenye bloku 818,087. Ukizigawanya namba hizo utaona kitu: ada ni asilimia 60 kamili ya fedha zote. Kidole kilichoteleza hakitoi asilimia 60 kamili. Hiyo ni programu iliyoagizwa itoe ada ya sehemu fulani ya chochote ilichokikuta.

Mtu alijitokeza kwenye mtandao wa X akasema fedha ni zake. Alieleza kwamba alifungua pochi mpya, akahamishia humo bitcoin 139, na mara zikaondoka zenyewe kwenda kwenye pochi nyingine. Akatoa na ujumbe uliotiwa saini. Wachambuzi waliofuatilia walidokeza kwamba huenda ufunguo wa pochi ile ulitengenezwa kwa bahati nasibu dhaifu, kiasi kwamba wezi wenye orodha za funguo rahisi huziotea anwani kama hizo kwa programu zinazosubiri fedha ziingie. Wezi wawili wakiwa na ufunguo mmoja, anayelipa ada kubwa ndiye anayeshinda, na hapo ada ya asilimia 60 inaanza kueleweka.

Sasa kundi limsikilize nani? Ikiwa ufunguo unajulikana na mwenye mali na wezi pia, wote wanaweza kutia saini halali. Antpool ilisema imeishikilia ada hiyo na itairudisha baada ya mwenyewe kuthibitisha umiliki kwa ufunguo wake. Kwa kosa la kawaida huo ni uamuzi wa busara. Kwa pochi iliyovuja, saini haitoshi. Mwenye mali anahitaji kuonyesha pia zilikotoka fedha kabla ya kuingia kwenye ile pochi: atie saini kwa anwani ya awali iliyozituma humo, au alete kumbukumbu za soko alikozinunulia. Anwani hiyo ya awali mwizi hana ufunguo wake. Anayehama kutoka pochi moja kwenda nyingine afadhali asiifute ile ya zamani, kwa sababu siku ya matatizo ndiyo inayoweza kumsemea.

Basi yakikukuta, nakili namba ya muamala palepale, angalia umeingia bloku gani na kundi gani limeichimba. Liandikie kundi hilo kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake rasmi, ndani ya siku hiyohiyo, kwa maneno machache: namba ya muamala, kiasi ulichotaka kulipa, kiasi kilichokatwa, na kwamba uko tayari kutia saini ujumbe wowote watakaoutunga. Mtangazie pia umma bila kutaja mambo yako ya siri, kwa kuwa makundi yaliyorudisha yalifanya hivyo huku watu wakitazama. Ada ikiwa ndogo, ya dola mia au mia mbili, ukweli ni kwamba huenda usijibiwe; kesi zote zilizorudi ninazozijua ni zile zilizokuwa kubwa kiasi cha kuonekana.

Na ukishatangaza, tegemea ujumbe mwingine kufika kabla ya ule wa kundi. Watakuja wanaojiita wataalamu wa kurejesha sarafu, wengine kwa jina na nembo ya kundi lenyewe, wakitaka malipo ya awali au yale maneno 12 au 24 ya siri ya pochi yako. Kundi la kweli halihitaji lolote kati ya hayo: fedha tayari linazo, na saini inalitosha. Anayekuomba maneno hayo anataka kilichobaki kwenye pochi. Usimjibu.